Ikisiri Moja Mbele ya Jopo: Maswali ya Utetezi wa Tasnifu Yanavyoandaliwa

Tasnifu ya uzamili ikifika mezani kwa mtahini huwa na kurasa mia na ushei, na ukurasa wa mwanzo wenye hoja ni ikisiri: aya moja au mbili zinazoeleza nini kilichunguzwa, kwa njia gani, nini kilionekana na nini kinapendekezwa. Wasomaji wengi huiona kama utangulizi mfupi. Kwa mtu anayejiandaa kuhoji, ikisiri ni orodha ya madai. Kila kitenzi kilichomo kinadai jambo, na kila namba iliyomo ilitoka mahali fulani, kwa mtu fulani, siku fulani. Kazi ya mtahini ni kurudi nyuma kutoka kwenye dai hadi pale lilipozaliwa, na kumtaka mtahiniwa amsindikize safari hiyo.

Kwa asiyewahi kuingia kwenye chumba hicho, mambo huenda hivi. Vyuo hutofautiana, kwingine utetezi wa mdomo ni wa shahada ya uzamivu, kwingine hata wa uzamili. Mtahiniwa huwasilisha kazi yake kwa dakika 15 au 20. Baada ya hapo jopo, lenye mwenyekiti, mtahini wa ndani na mara nyingi mtahini wa nje au mtu anayesoma taarifa yake, huanza kuuliza. Msimamizi anaweza kuwapo, lakini hajibu kwa niaba ya mwanafunzi wake. Mwishoni mtahiniwa hutoka nje, jopo hushauriana, naye huitwa kusikia uamuzi, ambao mara nyingi ni kwamba amefaulu kwa sharti la kufanya masahihisho. Katika muda huo wote jopo linatafuta mambo mawili tu: kwamba kazi ni ya huyu aliyesimama mbele yao, na kwamba anafahamu kazi yake inathibitisha nini na haithibitishi nini.

Mambo hayo mawili hayapimwi na swali la kwanza. Swali la kwanza linaweza kubashiriwa na jibu lake kukaririwa; wanafunzi hupeana maswali ya aina hiyo kila mwaka. Kinachopima ni swali la pili na la tatu, yale yanayozaliwa na jibu lililotolewa. Cha kusikitisha ni kwamba majopo mengi huandaa maswali ya kwanza kumi na tano na hayaandai la pili hata moja. Matokeo yake ni saa nzima ya kurukaruka: swali, jibu la juujuu, ahsante, swali lingine. Mwanafunzi aliyefanya kazi kwa jasho lake na yule aliyelipia kuandikiwa hutoka chumbani wakiwa wamefanana.

Ili tuone jinsi maandalizi yanavyofanyika, tuchukue ikisiri moja. Nimeitunga kwa ajili ya makala haya, lakini aliyewahi kusoma tasnifu za sayansi ya jamii katika vyuo vyetu atautambua mtindo wake.

"Utafiti huu ulichunguza athari za vikoba katika kipato cha wanawake wachuuzi wa samaki katika soko moja la pwani ya Tanzania. Kutoka kwa wanawake 1,200 walioandikishwa sokoni, sampuli ya wanawake 300 ilipatikana kwa kanuni ya Yamane, na hojaji 264 zilirejeshwa. Mahojiano ya kina yalifanywa na viongozi 12 wa vikundi. Data zilichambuliwa kwa regresheni. Matokeo yalionyesha kuwa wanachama wa vikoba wana wastani wa kipato cha shilingi 310,000 kwa mwezi, na wasio wanachama shilingi 240,000, tofauti ambayo ina maana kitakwimu (p < 0.05). Uanachama, elimu na umri kwa pamoja vilieleza asilimia 21 ya tofauti za kipato. Utafiti unahitimisha kuwa vikoba huongeza kipato cha wanawake, na unapendekeza serikali ivisajili na kuvipatia mitaji."

Hatua ya kwanza ni kuisoma ikisiri hii ukiwa na kalamu na kupigia mstari maneno yanayobeba mzigo. Hayawi mengi. Hapa mimi ningepigia mstari "athari", "walioandikishwa", "300", "264", "kipato", "viongozi 12" na "huongeza". Pembeni ya kila neno ningeandika kitu kimoja tu: ili neno hili liwe kweli, ni lazima nini kingine kiwe kweli? Maswali mazuri hutoka kwenye safu hiyo ya pembeni.

Neno zito kuliko yote ni "huongeza". Ukiliondoa, ikisiri inasema tu kwamba wanawake walio kwenye vikoba wana kipato kikubwa kuliko wasiokuwamo. Ukilirudisha, inasema kikoba ndicho kilichokileta hicho kipato. Kati ya kauli hizo mbili pana shimo, maana kikoba kina masharti: mwanachama hununua hisa kila wiki, hukopa kwa riba, na mwisho wa mzunguko fedha hugawanywa. Mwanamke asiye na uhakika wa kupata fedha ya hisa kila wiki hawezi kukaa humo. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba wenye biashara nzuri ndio wanaojiunga, na tofauti ile ya shilingi 70,000 ilikuwapo kabla kikoba hakijaanzishwa. Utafiti uliopima watu mara moja tu, kwa hojaji moja, hauoneshi kipi kilitangulia.

Mtahini akishaliona hilo, kishawishi ni kulisema: "Je, huoni kwamba wenye uwezo ndio wanaojiunga?" Hilo ni swali baya, kwa sababu limebeba jibu lake. Mtahiniwa atasema "ndiyo, profesa," na hakuna aliyejifunza kitu. Swali mama linapaswa kumpa nafasi ya kuonyesha anachokijua bila kumwonyesha mlango. Ningeliandika hivi: "Tueleze, hatua kwa hatua, jinsi uanachama unavyomfikisha mwanamke kwenye zile shilingi 70,000 za ziada."

Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe ya maandalizi inapoanza. Chini ya swali hilo naandika majibu matatu ninayoyatarajia, na chini ya kila jibu naandika maswali ya kudodosa.

Jibu la kwanza, ambalo wengi watalitoa, ni kwamba mwanachama hukopa, mtaji unakua, ananunua samaki wengi zaidi mnadani, anapata faida zaidi. Ni jibu la busara. Basi udodosi unalichukua kwa uzito na kuuliza linatabiri nini. Kama mkopo ndio chanzo, mwanachama ambaye hajawahi kukopa anatakiwa afanane na asiye mwanachama; je, kwenye data zako anafanana naye? Na kama mtaji hukua polepole, aliyejiunga miezi miwili iliyopita hawezi kuwa sawa na aliyejiunga miaka mitano iliyopita. Hojaji yako iliuliza mwaka wa kujiunga? Swali hili la mwisho ni dogo sana na lina nguvu sana, maana mtu aliyeandaa hojaji yake mwenyewe analijibu kwa sekunde tatu, iwe kwa ndiyo au kwa hapana.

Jibu la pili ni la kukimbilia kwenye takwimu: "Matokeo yana maana kitakwimu, p ni ndogo kuliko 0.05." Hapa mtahini asikimbilie kufundisha. Ningeuliza: "Tuseme kikoba hakina mchango wowote, ila wanawake wenye biashara kubwa ndio wanaojiunga. Katika hali hiyo, ile p yako ingekuwa kubwa au ndogo?" Mtahiniwa anayeelewa atatulia kidogo, kisha atasema ingekuwa ndogo vilevile, kwa sababu kipimo hicho hujibu swali la kama tofauti ni ya bahati nasibu, hakijibu swali la nani aliyeileta. Asiyeelewa atarudia jibu lake la awali kwa sauti ya juu zaidi. Mtahini amepata alichokitafuta bila kumdhalilisha mtu.

Jibu la tatu ni la mtahiniwa mzuri: anakiri mwenyewe kwamba huenda waliojiunga walikuwa na uwezo tangu awali. Majopo mengi hapa hushangilia na kuhamia swali jingine, na hivyo humnyima mwanafunzi bora nafasi ya kuonyesha ubora wake. Udodosi wa kupanda juu unahitajika kama ule wa kushuka chini. Ningemwambia: "Basi isome tena sentensi ya mwisho ya ikisiri yako, uiandike upya hapa hapa ili iseme tu kile data zako zinachoruhusu." Akiweza kusema kwa maneno yake kwamba uanachama unahusiana na kipato kikubwa, na kwamba utafiti haukuweza kutenganisha athari ya kikundi na hali ya mwanamke kabla ya kujiunga, amefaulu sehemu ngumu kuliko zote.

Mti huo mmoja, wenye swali mama na matawi matatu, unaweza kuchukua dakika 15. Ndiyo maana kwa utetezi wa saa moja na nusu siandai zaidi ya miti mitano au sita. Orodha ya maswali 30 inaonekana kama bidii, lakini inamlazimisha mtahini kukatiza majibu ili aimalize.

Sasa twende kwenye namba 300. Kanuni ya Taro Yamane ya mwaka 1967 imekuwa rafiki mkubwa wa wanafunzi wa Afrika Mashariki kwa sababu inahitaji kujua jambo moja tu, ukubwa wa kundi zima. Imeandikwa hivi: n = N / (1 + N × e²), ambapo N ni idadi ya kundi na e ni kiwango cha makosa kinachovumiliwa, kwa kawaida 0.05. Weka 1,200: mara 0.0025 inakuwa 3, jumlisha 1 inakuwa 4, na 1,200 gawa kwa 4 ni 300. Hesabu ni sahihi. Lakini kanuni inatoa idadi, haisemi ni wanawake gani. Mtahini asipoteze muda kumwomba mtahiniwa aandike kanuni ubaoni. Kukariri kanuni hakumthibitishii mtu chochote. Swali mama ni: "Siku ya kwanza ulipofika sokoni, ulimpataje mwanamke wa kwanza kumhoji?"

Swali hili linafungua uwanja wa utafiti wenyewe. Anayejua soko la samaki anajua kwamba halina umati mmoja. Kuna wanaofika alfajiri kwa ajili ya mnada na kuondoka na ndoo au beseni kabla jua halijawa kali. Kuna wanaokaa mezani hadi jioni. Kuna wakaangaji, ambao wako pale mchana kutwa kando ya moto. Mtafiti aliyefika saa nne asubuhi amewakosa wale wa kwanza wote, na pengine hao ndio wenye mtaji mdogo kabisa. Kwa hiyo maswali ya kudodosa yanafuatana yenyewe: ulifika saa ngapi? Orodha ya wanawake 1,200 ulipewa na nani, na wachuuzi wasiolipia meza wamo? Ulipomkosa mtu aliye kwenye orodha, ulimchukua nani badala yake?

Kisha inakuja 264. Hojaji 36 hazikurudi, yaani asilimia 12, na ikisiri imezipita kimya. Idadi hiyo haitishi. Kinachotakiwa kujulikana ni kama waliopotea wanafanana na waliobaki. "Wale 36 walikuwa akina nani?" Mtahiniwa aliyekuwapo sokoni huwa na jibu la kibinadamu: wengine walihama eneo msimu ulipobadilika, wengine hawakutaka kutaja fedha zao mbele ya jirani, wengine walishindwa kusoma hojaji na hakukuwa na wa kuwasomea. Hayo ya mwisho yanaongeza tawi: hojaji iliandikwa kwa lugha gani, na nani aliijaza kwa wasiosoma? Tasnifu nyingi huandikwa kwa Kiingereza ilhali hojaji huulizwa kwa Kiswahili, na mahali neno la kitaalamu linapovuka kutoka lugha moja kwenda nyingine ndipo vipimo huharibikia.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu neno "kipato" katika ikisiri hii lina mengi. Mchuuzi wa samaki hapati mshahara. Anauza kila siku, analipa ushuru na barafu na nauli, anakula katika mapato yaleyale, na wengi hawana daftari. Ukimuuliza "unapata kiasi gani kwa mwezi," atakupa namba, kwa sababu umeuliza na yeye ni mstaarabu. Lakini namba hiyo ni mauzo au faida? Wavuvi wanaotumia taa hupungukiwa mbalamwezi inapokuwa kamili, kwa sababu mwanga wa taa hauwavuti samaki kama kwenye giza. Hivyo wiki moja si sawa na nyingine. Wakati wa kusi bahari huchafuka na vyombo vidogo hutoka kwa shida. Kaskazi ikivuma mambo huwa tofauti. Kwa hiyo swali la kudodosa linaloonekana kama mazungumzo ya kawaida, "Ulikusanya data mwezi gani, na bahari ilikuwaje?", linapima mambo mawili kwa mpigo. Linaonyesha kama mtahiniwa alikuwapo, na kama alifikiri kuhusu kile alichokipima.

Kuna swali jingine la kipato ambalo ni rahisi kulisahau. Mwisho wa mzunguko wa kikoba wanachama hugawana fedha, na mgao huo unaweza kuwa mkubwa kuliko mapato ya mwezi mzima. Kama hojaji zilijazwa muda mfupi baada ya mgao, na mwanamke akauhesabu kama kipato, basi sehemu ya zile shilingi 70,000 ni akiba yake mwenyewe iliyomrudia. Ningeuliza tu: "Mgao umehesabiwa wapi katika data zako?" Jibu zuri ni fupi: "Tuliuliza kando, haumo." Jibu jingine linalokubalika ni: "Sikulifikiria hilo, na linaweza kupunguza tofauti niliyoipata." Jibu lisilokubalika ni hotuba kuhusu umuhimu wa kumwezesha mwanamke.

Viongozi 12 wa vikundi wametajwa kwenye ikisiri na kisha wakatoweka. Matokeo yote ni ya hojaji. Hakuna sentensi hata moja inayotokana na mahojiano. Kwa mtahini hiyo ni alama ya kuchunguza. "Katika mahojiano na viongozi, ulisikia nini ambacho hojaji isingekuambia?" Aliyefanya mahojiano atasimulia, na mara nyingi uso wake utabadilika kwa furaha kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza. Udodosi unaofuata ni wa upande usiosikika: viongozi ni watu ambao kikundi kimewafaa. Walioshindwa kurejesha mkopo na kuondoka, au waliouza vyombo vya ndani ili walipe, nani aliwahoji? Kama hawamo, kikundi cha "wanachama" kimechujwa mara mbili, na wastani wa 310,000 ni wa waliosalia.

Asilimia 21 naigusa kwa swali moja tu, la kuthibitisha uelewa: zile asilimia 79 zilizobaki ziko wapi? Mtahiniwa asijitetee kana kwamba 21 ni aibu. Kwa kipato cha watu ni kawaida. Ataje anachodhani kinakosekana kwenye hesabu yake, kama vile mtaji wa kuanzia, miaka katika biashara au mume mwenye chombo cha uvuvi. Akitaja mtaji wa kuanzia, amerudi mwenyewe kwenye swali la kwanza, na mtahini makini ataona uzi umefungana.

Mti wa mwisho ninaouandaa ni wa maandiko ya watangulizi. Hapa maswali huwa dhaifu sana: "Taja waandishi waliokutangulia." Badala yake mtahini atafute utafiti mmoja ambao, kama ni sahihi, unamsumbua mtahiniwa. Kwa mada hii upo. Vikundi vya kuweka na kukopa vya aina hii vilisambazwa na shirika la CARE kuanzia Niger mwaka 1991, na mwaka 2017 Dean Karlan na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Ghana, Malawi na Uganda, ambako maeneo yaliyopelekewa vikundi yalichaguliwa kwa bahati nasibu na kulinganishwa na yasiyopelekewa. Waliona kuimarika kwa biashara za kaya na kwa nafasi ya mwanamke katika maamuzi, lakini hawakupata ushahidi kwamba matumizi ya kaya yaliongezeka kwa wastani. Swali: "Wao walipata hivi, wewe umepata vile. Nini kinaeleza tofauti?" Hapa hakuna jibu moja. Anaweza kusema soko la samaki si sawa na kijiji cha wakulima, kwamba yeye alipima kipato nao walipima matumizi, au kwamba mbinu yao iliondoa tatizo la nani anajiunga na ya kwake haikuondoa. Lolote kati ya hayo, likielezwa vizuri, linatosha. Kama hajawahi kuusikia utafiti huo, mtahini amweleze kwa sentensi tatu na kumpa nafasi ya kufikiri pale pale. Lengo ni kuona anavyofikiri, maana kusoma kila kitu hakuna anayeweza.

Pendekezo la kuvisajili vikundi nalo lina swali lake, fupi. Tanzania ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, ambayo tayari inavitambua vikundi vya kijamii vya huduma ndogo za fedha na kuvitaka visajiliwe. Kwa hiyo: "Pendekezo lako linaongeza nini kwenye sheria iliyopo?" Na udodosi wake: "Ni jedwali lipi katika tasnifu yako linalohusu usajili?" Kama hakuna, pendekezo limetoka hewani na litafutwa wakati wa masahihisho.

Yote haya yametoka kwenye aya moja, na hapo pana hatari. Ikisiri huficha. Swali linaloonekana kali ukiwa na ikisiri pekee linaweza kuwa limejibiwa kikamilifu kwenye sura ya tatu, na mtahini anayeliuliza bila kuangalia anaonekana hakusoma, na kwa kweli anakuwa hakusoma. Kwa hiyo maswali yakishaandikwa, huchukuliwa moja moja na kutafutiwa ukurasa wake. Pembeni ya kila swali huandikwa ukurasa ulipo ushahidi, au neno "hakuna". Baadhi ya maswali hufutwa hapo. Mengine hugeuka na kuwa bora kuliko yalivyokuwa. Tuseme kwenye kiambatisho cha hojaji tunakuta swali la saba: "Ulijiunga na kikundi mwaka gani?" Basi data ilikuwapo! Swali letu la "hojaji yako iliuliza mwaka wa kujiunga?" sasa linakuwa: "Uliwauliza mwaka wa kujiunga, lakini sioni jedwali linaloutumia. Ulipouangalia, uliona nini?" Pengine aliuangalia na ukavuruga matokeo aliyoyataka. Pengine msimamizi alimwambia aache. Pengine hakujua kwamba ameshika ufunguo. Kila jibu ni la maana, na lisingepatikana kwenye ikisiri peke yake.

Kwa swali lolote lililobaki, naandika pia jibu linalotosha, kwa sentensi moja, kabla ya siku yenyewe. Hii inamlinda mtahiniwa. Mtahini asiyejua anachokitafuta huendelea kuchimba hata baada ya kukipata, na mwanafunzi aliyejibu vizuri huanza kudhani amekosea, akabadilisha jibu lililokuwa sahihi. Ukishaandika kwamba jibu linalotosha ni "p haijibu swali la nani aliyeileta tofauti," ukilisikia unasema ahsante na unahamia mti mwingine.

Mpangilio nao una uzito. Mti wa "huongeza" ndio mzito, lakini siuweki mwanzo. Naanza na lile la mwanamke wa kwanza sokoni, kwa sababu ni swali la kumbukumbu na kila aliyefanya kazi analijua. Sauti hutulia, mikono huacha kutetemeka. Kipato kinafuata, kisha viongozi 12, na mti mzito unakaa katikati, wakati mtahiniwa ameshapata pumzi lakini hajachoka. Maandiko ya watangulizi na pendekezo huja mwisho. Kila swali liulizwe peke yake. Wapo watahini wanaounganisha maswali manne katika pumzi moja. Mtahiniwa hujibu lililo rahisi, na yale matatu mengine hupotea bila mtu kujua. Ukishauliza, nyamaza. Kimya cha sekunde kumi humtia mtahini wasiwasi kuliko mtahiniwa, naye hukimbilia kulirahisisha swali hadi linajijibu.

Mwanafunzi anayesubiri utetezi anaweza kufanya kazi hii hii upande wake. Achukue ikisiri yake, apigie mstari maneno yanayobeba mzigo, kisha ampe rafiki asiye wa fani yake na kumwomba aulize "umejuaje?" baada ya kila jibu, mara tatu mfululizo. Pale atakapoishiwa maneno ndipo jopo litakapofika. Kama ni mapema, bado kuna muda wa kurudi kwenye data na kutengeneza lile jedwali la miaka ya uanachama. Kama ni usiku wa kuamkia utetezi, walau atajua ni sentensi gani asiipiganie.

Jopo likishamaliza, ile karatasi ya miti haitupwi. Kila tawi lililofikiwa linageuka kuwa sharti la masahihisho lenye ukurasa na kitendo. Kwa tasnifu yetu, barua ya masahihisho ingesomeka karibu hivi: neno "huongeza" kwenye ikisiri na sura ya tano libadilishwe kuwa "unahusiana na", liongezwe jedwali la kipato kwa miaka ya uanachama na kwa waliokopa na wasiokopa, ielezwe kama mgao umo katika kipato au haumo, zitajwe tarehe na saa za kukusanya data, hojaji 36 zisizorejeshwa zipewe aya moja, matokeo ya mahojiano na viongozi 12 yaingizwe au mahojiano hayo yaondolewe kwenye ikisiri, na pendekezo la usajili liandikwe upya kwa kuzingatia sheria ya 2018.